Kanyaga Chungwa na Subiri Basi

Enzi zetu pale Muheza, kwaito ilipoingia kwenye maharusi, hakuna aliyejua jina la wimbo. Maneno yenyewe ya huko Afrika Kusini, nani angeyaelewa? Nyimbo tulizibatiza kwa miguu yake. Kulikuwa na Kanyaga Chungwa: mguu wa kushoto gonga mbili, wa kulia gonga mbili, tena kushoto, tena kulia, geuka robo, piga kofi moja. Na kulikuwa na Subiri Basi: mikono kiunoni mwanzo mpaka mwisho, kushoto gonga mbili, simama hesabu mbili kama abiria aliyechoka stendi, gonga tena kushoto, simama tena, ndipo ugeuke. Mpiga muziki asiyeyajua majina yetu ulimchezea hatua mbele yake, naye akapekua kanda mpaka zikutane na miguu yako.

Kiongozi wa mstari alikuwa dada yangu mkubwa, Zuhura. Tulifanya mazoezi uani, wasichana kumi na wawili, vumbi likinuka maganda ya machungwa, yeye mbele katupa mgongo. Ukikosea hakukukaripia. Alisimamisha mstari mzima mkaanza upya, na wenzako ndio waliokusema mpaka ukome. Mama akipita na ndoo alituambia, "Miguu hiyo ingekuwa na bidii hivyo ya kwenda chuoni, msahafu mngekuwa mmeshaumaliza." Halafu anaitua ndoo, anatazama.

Mwaka huu Zuhura alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, na ulimi ukafungwa. Tukamrudisha kwa Mama, nikahamia hapo kumuuguza. Wiki ya tatu nikaona mguu wake wa kushoto unagonga godoro: mbili, kimya, mbili, kimya. Kisha akageuza kichwa na kujipiga paja kwa mkono wa kushoto. Akanikazia macho. Akaanza tena tangu mwanzo, vilevile, bila kukosea hesabu hata moja.

Nililia kwa furaha, mjinga mimi. Dada yangu anaomba wimbo! Nikamwita binamu yetu Salehe, anayepiga muziki kwenye maharusi mpaka leo, nikamchezea pale mlangoni. Mbili, simama. Mbili, simama. Akasema, "Hiyo Subiri Basi, hata usingizini naijua."

"Na lile la kujipiga paja?"

"Labda inzi."

Mama hakupenda. Alisema mgonjwa wa namna ile husomewa Yasini, si kupigiwa kwaito. Lakini alimtazama mwanawe, akasema, "Haya, mpigieni. Nitasoma baadaye."

Salehe akaupiga kwenye simu, karibu na sikio lake. Zuhura akafumba macho, akatikisa kichwa, machozi yakamtoka. Tukasema anaufurahia. Kesho yake akagonga tena, kwa nguvu zaidi, na akajipiga paja mpaka pakawa pekundu. Tukampigia tena. Siku tisa tulimpigia, asubuhi na jioni, na kila siku alirudia hesabu zilezile mbele yangu, polepole, kama alivyotufanya uani tulipokosea. Siku ya kumi mguu haukugonga. Nikamwambia Mama, "Ameridhika." Alfajiri iliyofuata alifariki.

Tulimwosha wanawake watatu. Mimi nilishika miguu. Nilipouinua ule wa kulia, mzito, umelegea tangu siku ya kwanza, hesabu zikanijia zenyewe kichwani. Mbili za kushoto. Na zile mbili za kimya zilikuwa za mguu huu. Aliucheza moyoni, kila mara, nasi tukaona nusu tu. Na lile paja lilikuwa kofi. Atapigaje kofi mtu mwenye mkono mmoja? Kwenye Subiri Basi hakuna kofi. Nilijua hivyo tangu nina miaka kumi na tatu. Nilikaa chini pale kwenye maji, shangazi aliyekuwa akiosha nasi akaninyang'anya kata.

Salehe nilimwambia baada ya mazishi: ilikuwa Kanyaga Chungwa. Akasema, "Huo mwingine ninao pia, dada. Ungeniambia tu." Hasira zangu hazikuwa kwake.

Watoto wa leo wanacheza nusu dakika peke yao chumbani, wanajitazama kwenye simu, wanaita chalenji. Wimbo wakiusahau, simu inausikiliza na kuwatajia jina kabla hawajameza mate. Nawacheka, lakini nawaonea wivu. Sisi tulijisifu kwamba wimbo tunaujua kwa miguu, hatuhitaji jina. Na wimbo ule mpaka leo sijui unaitwaje. Salehe amenitumia. Sijaufungua.