Chaneli Niliyoinyamazisha

Ofisi ya shangazi ya kutembeza wageni, pale Mji Mkongwe, ina watu watano, na mambo ya kazi tunaandikiana kwenye Slack, programu ya simu ambamo kila mada ina chaneli yake. Mimi ndiye ninayemwambia dereva nani wa kupokelewa uwanja wa ndege, na saa ngapi.

Siku moja mchana shangazi alinipigia simu. "Yule bibi asiyeona, mgeni wetu wa jioni, kafika zamani! Yuko peke yake uwanjani. Hukuona ujumbe?"

Chaneli ya "jumla" nilikuwa nimeinyamazisha, maana kila asubuhi ilijaa salamu na picha za maua. Chaneli ukiinyamazisha, jina lake hufifia kwenye orodha, na ujumbe mpya ukiingia simu hailii. Nilipoifungua nikakuta, katikati ya maua: "Bibi kapanda ndege ya mapema."

Dereva aliondoka mbio. Kwa nusu saa nilikaa na simu mkononi. Akilini nikimwona bibi kapotea, kaanguka, anaita na hapana wa kumwitikia. Dereva alipopiga kusema yuko naye salama, nililia.

Dereva alipomleta bibi ofisini, shangazi naye alikuwepo; nikasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, niliinyamazisha."

Dereva akajikuna kichwa. "Hata mie, Bi mkubwa. Nshachoka na maua yako."

Shangazi akachukua simu yake. "Haya. Mapokezi yatakuwa na chaneli yake, 'mapokezi-uwanjani', na hiyo hainyamazishwi. Maua nayahamishia 'soga', asiyetaka azime."

Mpaka leo, kabla sijanywa chai, naangalia mara tatu kama jina la "mapokezi-uwanjani" halijafifia.