Nilivyosoma Karatasi Nairobi

Nilikuwa nimeshaacha kazi kwenye taasisi ya utafiti, na nyumba ya taasisi pale Kongowe tulitakiwa kuihama mwisho wa mwezi. Kwa hiyo siku nilipoitwa kwenye usaili wa kiwanda cha korosho Kibaha, sikuwa nikitafuta kazi tu, nilitafuta na mahali pa kuweka vitanda. Mke wangu alininyooshea shati huku akihesabu vyombo vya kuhamisha. Angenisema ningepata nafuu.

Ofisini nilimkuta meneja, mzee aliyefunga miwani yake kwa uzi, na mama wa utumishi. Nikawaamkia, kisha nikaanza kwa lugha ya chuo kikuu.

"Nimetoa karatasi kadhaa kuhusu korosho. Moja niliisoma Nairobi."

Meneja akamgeukia mama. "Ndugu huyu alisafirishwa mpaka Nairobi kusoma karatasi."

"Labda hapa ilikuwa haisomeki," mama akasema, akiinamia faili.

Wasomi tulikuwa tumelitafsiri neno la Kiingereza, "paper", kama lilivyo, tukaelewana wenyewe kwa wenyewe, tukadhani nchi nzima inatuelewa.

"Nilimaanisha nilikwenda kuwaeleza watu wa viwanda vya huko tulichogundua kwenye majaribio."

"Sasa hiyo ungesema mapema, baba," mama akasema. "Na hii hati ya haki ya uvumbuzi wa chombo cha kulowanisha korosho, ni yako?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa. Kwenye maelezo yangu ya kuomba kazi nilikuwa nimeandika "hati yangu", kwa mbwembwe. Nikaona vitanda vyetu vikiwa nje, barabarani.

"Mwenye hati ni taasisi," nikasema. "Mimi jina langu limeandikwa kama mvumbuzi. Mkitaka kutumia chombo chenyewe, mtaomba ruhusa kwao, na huenda wakataka malipo."

"Basi wewe unatuletea nini?" meneja akauliza.

Nilitamani kufungua jalada langu. Nikaliacha mapajani.

"Korosho nzima. Zile zinazopasuka mnauza kwa bei ya chini. Nyingi hupasuka kwa sababu ganda halikulowanishwa vya kutosha kabla ya kukaangwa. Likilowa vizuri, kwenye mafuta ya moto linakuwa jepesi kuvunjika, na kiini kinatoka kizima. Chombo chetu kinalowanisha gunia zima sawasawa. Lakini hata bila chombo, naweza kuwapangia muda wa kulowanisha kufuatana na ukavu wa korosho."

Mama akaacha kuandika. "Mbona hukuandika hivyo?"

"Ningeonekana sijasoma."

Wakacheka, mimi nikachelewa kuwafuata.

Meneja hakunipa kazi. Alinipa magunia ya korosho kavu kutoka Kisarawe, na wabanguaji wa zamu ya asubuhi. "Zikitoka nzima nyingi kuliko zetu, tutazungumza habari ya kazi na nyumba ya kiwanda. Zikivunjika, utatusamehe."

Nyumbani mke wangu aliniuliza kama nimepata. Nikamjibu kwamba nimepata magunia. Akaenda kutafuta maboksi ya kufungia vyombo.