Mambo Sita ya Binti wa Darasa la Tatu

Mwaka huo nilikuwa nasomesha darasa la tatu katika skuli moja ya mjini, karibu na majumba ya Michenzani, na katika darasa langu alikuwamo binti mmoja asiyejua kusoma. Nasema asiyejua, lakini nilichukua miezi miwili kuligundua hilo, kwa sababu alikuwa na kichwa chepesi cha kushika. Mwenziwe akisoma ukurasa mara moja, yeye anausema wote bila kukosa, kidole kinatembea juu ya mistari. Siku niliyomfunulia ukurasa mpya, kidole kilisimama. Alitazama kitabu, akanitazama mimi, akaanza kulia.

Nikamwita mzazi. Alikuja mama'ke, fundi cherehani, bado ana uzi mwekundu kwenye mkono wa baibui.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu ukae."

Kabla hajakaa sawasawa akatoa simu. Akaniambia mumewe anafanya kazi ya dobi katika hoteli moja kule Nungwi, nyumbani anarudi mara moja kwa wiki, na mambo ya mtoto anataka kuyasikia mwenyewe. "Nikimhadithia mimi, ananambia nimetia chumvi," alisema. "Naomba nirikodi, asikie sauti yako."

Nilisita. Miaka yote ya kusomesha sijapata kurikodiwa. Nilikwenda kumuuliza mwalimu mkuu, naye akasema hakuna ubaya maadamu sote tumeridhia na sauti yenyewe haitoki nje ya wazazi wawili na mimi. Basi simu ikawekwa baina yetu, juu ya rundo la madaftari, tukazungumza katika ghala ya vitabu kwa sababu chumba cha walimu kilikuwa kimejaa.

Tulizungumza kiasi cha nusu saa. Mwisho mama akasema, "Hebu yataje tuliyokubaliana, yaingie." Nikainamia simu kama natangaza habari, nikataja manne. Kwanza, mtoto atahamia dawati la mbele. Pili, mama atampeleka kituo cha afya akapimwe macho. Tatu, kila alasiri akirudi chuoni kusoma Kurani, atasoma kitabu nyumbani dakika kumi, hata kwa simu na baba'ke. Nne, tutakutana tena baada ya wiki nne. Jioni ile ile nikayaandika kwenye karatasi mbili, moja ya faili la mtoto, moja ya mama, na nilijiona mtu wa mpango hasa.

Siku ya tatu yake, wakati wa mapumziko, mama akanirushia ujumbe wa sauti wa mumewe. Nyuma yake zikivuma mashine za kufulia.

"Mwalimu, asalaam alaykum. Nnaomba radhi sana, mimi si mtu wa skuli. Lakini nshasikiliza mara tatu, na karatasi nimesomewa. Mambo si manne. Ni sita. Na hayo mawili yaliyopotea, mwalimu, yote ni yako."

Nilicheka, kisha nikaona haya, kisha nikakasirika kidogo. Nilikuwa na hakika amekosea. Nikamwomba mama aniletee ile sauti, na Jumamosi akaja nayo. Tulikaa pale pale ghalani tukasikiliza.

Jambo la kwanza nililolisikia ni mimi mwenyewe. Nilikuwa nasema, nasema, nasema. Mama akianza, "Lakini nyumbani huwa—" mimi nshaingia. Mama akitaka kumaliza, mimi nshamalizia. Nilijifunika uso kwa mtandio.

"Usijali, mwalimu," alisema. "Mume wangu alinambia, kumbe kuna mtu anayekushinda maneno."

Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia.

Tukaendelea. Katikati, mahali ambapo muuza barafu alikuwa anapita nje akipiga kengele, mama alipata nafasi ya kusema sentensi nzima. Alisema mwanawe haogopi kusoma. Anaogopa kusomeshwa mbele ya wenziwe bila kujua ukurasa gani. Ndiyo maana hukariri. Na sauti yangu ikajibu, wazi kabisa: "Basi sitamwita tena ghafla. Nitampa ukurasa siku moja kabla." Kidogo mbele nikasema tena, "Na Jumatatu na Jumatano, wakati wa mapumziko, nitasoma naye mwenyewe." Niliyasema, na nilipokuja kuyataja mwishoni nikayaruka. Niliyakumbuka ya mama yote, na ya kwangu nikakumbuka lile la dawati tu, ambalo halinigharimu kitu.

Niliichana karatasi ile mbele yake nikaandika upya. Safari hii kila jambo nililitilia jina la mwenye kulifanya, mwalimu au mama au baba, na siku ya kulianza. Nikampa aisome kabla ya kutia saini. Aliisoma polepole, akasahihisha sehemu moja: kwenye lile la kusoma na baba'ke nilikuwa nimeandika "kila siku", akasema Ijumaa hapana, Ijumaa baba'ke yumo njiani anarudi. Tukaandika hivyo.

Macho yalipimwa, yakakutwa mazima. Nakiri nilivunjika moyo, maana miwani ingekuwa jibu jepesi. Dawati la mbele nalo halikuleta tofauti niliyoweza kuiona. Lililofanya kazi ni lile la ukurasa. Nikimpa leo, kesho anakuja amekwisha kupambana nao, na mapumziko tukikaa pamoja nafunika sentensi kwa karatasi, nafunua neno moja moja ili asipate kukisia. Wiki ya kwanza tulikuwa tunamaliza mistari miwili. Wiki ya tatu aliniambia niondoe karatasi, namchelewesha.

Tulikutana tena baada ya wiki nne, na baba alikuja. Alikuwa mrefu, mpole, mikono imeparara kwa sabuni. Safari hii na mtoto alikuwapo. Nikamuuliza kwanza yeye kama ameridhia turikodi. Akatikisa kichwa kukubali, akaivuta simu karibu yake.

Nilimfunulia ukurasa ambao hajawahi kuuona. Alikwama mara nne. Mara moja alilirukia neno kwa kukisia, akajikamata, akarudi nyuma. Alipomaliza, mama'ke alikuwa anajifanya anatafuta kitu mkobani.

Tukapitia yale sita. La macho tukalifuta, limekwisha. La ukurasa tukaliacha. La kusoma kwa simu, baba akasema linakwenda vizuri sana.

"Haliendi," alisema mtoto.

Sote tukamtazama.

"Baba ananitajia neno kabla sijalifikia. Nikinyamaza kidogo tu, anasema."

"Nakusaidia, mwanangu!"

"Mimi nilikuwa nalitafuta."

Mama akaangua kicheko, akamwambia mumewe kwamba leo na yeye kapatikana. Baba akacheka, akaweka mkono kifuani. Nikachukua kalamu nikamuuliza binti anataka tuandikeje. Akafikiri, akaniambia nimpe kalamu.

Aliandika mwenyewe, herufi kubwa zilizolala upande, ulimi nje: *Baba anyamaze mpaka nihesabu kumi.* "Nihesabu" aliikosea, akaikata, akaiandika tena.

Baba alitia saini chini yake.