Mjukuu Si Maharagwe

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, msicheke. Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini mizani naijua. Nimeuza maharagwe soko la Gakoromone tangu mama zenu hawajazaliwa. Maharagwe mabichi yana uzito wa uongo. Ukiyaanika, uongo unatoka.

Basi mjukuu wangu, anayepigana mieleka kule chuoni Nchiru, akaniambia nafasi imebaki moja tu kwa timu, ya kilo hamsini. Nikamwanika. Siku mbili alikimbia na masweta matatu. Mtungi wa maji nilifungia chumbani kwangu, ufunguo nikafunga kwa leso. Akaja midomo imepasuka.

"Cucu, nyanya yangu, tone moja tu."

"Tone ni uzito. Kimbia."

Mungu anisamehe.

Siku ya kupimwa nilimsindikiza. Nesi alichukua mkojo wake, mweusi kama chai ya rangi, akaweka tone kwa kifaa, akachungulia.

"Moja nukta sifuri tatu sifuri. Mkojo haufai kupita moja nukta sifuri mbili sifuri. Huyu amekauka, leo sipimi mafuta. Nikipima mtu mkavu, hesabu yote ni bure. Anywe maji, arudi kesho saa kama hii."

"Mafuta gani?" nikauliza. "Huyu hata yai hawezi kukaanga."

"Cucu, kuna mafuta mwili wa msichana hauwezi kukosa. Tunatafuta uzito wa chini kabisa anaoruhusiwa, ule wa mafuta kubaki asilimia kumi na mbili. Chini ya hapo hashindani."

Kesho yake mkojo ulikubali. Nesi akabana ngozi nyuma ya mkono na chini ya bega, akarudia mara tatu. Mizani ikasema hamsini na tano. Mafuta akakadiria kumi na sita kwa mia. Akapiga hesabu.

"Mwisho wake ni hamsini na mbili na nusu. Hamsini haruhusiwi. Atapigana hamsini na tatu."

Kocha wa timu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaangalia chini. Hamsini na tatu ilikuwa na mwenyewe, msichana aliyekuwa amemwangusha wangu kila mara walipokutana.

Mjukuu akapiga magoti. "Nipimeni tena. Nitakonda, naapa."

"Utakonda nini?" nesi akasema. "Kilichobaki ni nyama yako mwenyewe."

"Jina lako siwezi kuandika kwa hamsini," kocha akasema, akatoka.

Nyumbani hakugusa chakula. Nilipotaka kumwekea maji akageuza kikombe juu chini, akaniangalia.

"Si ni wewe ulinifundisha, Cucu?"

Nilifungua leso, nikafungua chumba, nikatupa ule ufunguo chooni, nikaita kila mtu wa boma.

"Mtungi urudi jikoni, na asiufunge mtu tena. Leteni vikombe viwili. Mimi nitakunywa wa kwanza, na huyu hataondoka kwa hii meza mpaka chake kiwe kitupu."