Shukrani Nilizozipeleka Nusu

Nilipopata kazi ya kutunza stoo kwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti hapa Morogoro, nilikuwa nimekaa miezi kumi na moja bila kazi. Sikuwa na nguvu hata ya kufurahi. Lakini watu walinisaidia, na ningenyamaza ningeonekana mchoyo, kwa hiyo niliandika kwenye grupu la WhatsApp la tuliopunguzwa kazi pamoja kwenye kiwanda cha zamani. Nilimshukuru aliyenitumia tangazo, jirani aliyenichapia wasifu, na mwalimu mmoja wa Mzumbe aliyeninyooshea barua ya maombi.

Hongera zikamiminika. Mmoja akaandika, "Bosi wa stoo, sasa tukikupigia utapokea?" Nikacheka kidogo.

Siku ya tatu mwenzetu mmoja akanipigia. "Mama umemshukuru?"

Mama, kama tulivyozoea kumwita, ndiye alikuwa msimamizi wetu kiwanda cha zamani. Amestaafu, analima Mkuyuni, na simu yake ni ya kitochi, kwa hiyo kwenye grupu hayumo. Kwenye wasifu nilimweka mdhamini, na kiwanda kilimpigia. Nadhani neno lake ndilo lililonipa kazi, ingawa sina hakika, na wale watatu sitaki kuwapunja.

Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeshasikia. Mtu kaja sokoni kanisomea, wote umewataja."

Nikamwambia nitaandika tena grupuni, nimtaje peke yake.

"Thubutu! Wakijua ni mimi, wote wataniweka mdhamini. Wengine walikuwa wanalala kazini juu ya marobota, nitawasemea nini?"

Jumapili nilienda Mkuyuni na kilo mbili za sukari. Alikuwa anapukuchua maharage, hakusimama.

"Weka hapo. Kabla ya kuniomba niwe mdhamini, ulinipigia lini?"

Nilihesabu kimoyomoyo. Ilikuwa miaka miwili. Nikamwambia hivyo hivyo, miwili.

"Walivyouliza nakufahamuje, nilisema vizuri. Nilipokata simu nikajiuliza, namfahamu bado? Mwanao wa pili simjui hata jina. Nimemdhamini mtu wa zamani."

Ningeweza kusema vocha ilinisumbua, lakini wale watatu niliwapigia. Nilikaa nikapukuchua naye, akanipa wali, hakuniambia amenisamehe. Nilipoaga alisema, "Mwezi ujao uje bila shida na bila shukrani. Uje tu."

Nikaahidi. Mwezi ulipofika, Jumapili niliyotaka kwenda nikapangiwa zamu ya kupokea alizeti. Niliomba kubadilishana, ikashindikana. Mgeni kazini huwezi kubishana sana. Nilikaa juu ya gunia, miguu inauma, nikitamani kuliacha hilo jambo la kumpigia mpaka wiki ijayo. Nikampigia.

"Mama, leo siji. Niko zamu."

"Haya," akasema. "Huyo mwanao wa pili ni wa kike au wa kiume?"