Dakika Kumi za Wodi ya Karantini

Hospitalini walimwita Fundi. Mama yake alimwita Kiherehere, na mama ndiye aliyemjua. Kazi yake ilikuwa kompyuta. Wagonjwa wa karantini hawakuruhusiwa wageni, basi akawaandikia programu: mgonjwa anarekodi sauti kwenye tableti ya wodi, na kila baada ya dakika kumi programu inaanza, inanakili rekodi mpya, inapekua folda nzima ya zamani kuhakikisha nani ameshatumiwa nini, inawatumia jamaa, kisha inafuta rekodi kwenye tableti ili mgonjwa mwingine asizisikie.

Mwanzoni ilimaliza kwa dakika moja. Folda ilipozidi kujaa, mwenzake wa ofisini akamwambia, "Waliofariki tuwatoe humo. Inawapekua wote kila mara, kazi bure."

"Una roho ya jiwe wewe! Hizo ni sauti za watu."

Kuzihamishia folda nyingine kungetosha kabisa, ila hata hilo aliliona ni kama kuwazika mara ya pili. Ndivyo alivyokuwa, mjuzi wa mashine na mbishi kwa ajili ya huruma.

Haba na haba hujaza kibaba. Dakika moja ikawa nne, nne zikawa saba, zikafika tisa na nusu. Skrini iliandika "Imekamilika" kila mara, naye akaridhika. Aliweka kengele ya kushindwa; ya kuchelewa hakuiweka.

Kisha mama yake akalazwa wodi ile ile. Siku ya nne, alasiri, simu ya Fundi ikaleta ujumbe. Aliusikiliza amesimama koridoni.

"Kiherehere wangu, nisikilize vizuri leo, kuna jambo..."

Sekunde sita, basi.

Alikimbilia kompyuta yake, akafungua kumbukumbu za programu. Siku hiyo programu ilikuwa imefika dakika kumi na moja. Mzunguko wa kwanza haujaisha, wa pili ukaanza, ukaifuta nakala ya rekodi ya mama na kuinakili upya mahali pale pale, polepole, maana mtandao wa wodi ulikuwa dhaifu. Wa kwanza ukatuma kipande kilichokuwamo, ukaandika "Imekamilika," ukafuta tableti. Wa pili ukabaki hauna cha kunakili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye ufa huu aliuona kwa miezi, akauonea huruma.

Akampigia muuguzi wa wodi. "Tafadhali, mpe mama tableti arekodi tena. Imekatika."



"Dada, nilikuwa nakutafuta. Mama ametutoka, robo saa haijapita. Pole sana, dada yangu."

Fundi aliketi sakafuni. Alilia kwanza, ndipo akauliza, "Alisema nini? Kwenye tableti, alisema nini?"

"Aliongea muda mrefu, dakika nne hivi. Kuna mahali alicheka. Lakini mimi nilitoka nje nikafunga mlango, dada. Nilijua utayasikia mwenyewe."