Karatasi Nilizokataa Kutunza

Nilidhani nikistaafu ualimu nitalala. Badala yake kibaraza changu hapa Kasulu kimekuwa ofisi isiyo na mshahara wala saa ya kufunga. Sijamaliza kumenya mihogo, mtu anabisha hodi akiwa na fomu mkononi: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, bima ya afya, mkopo wa chuo. Macho yangu yameanza kugoma na miwani imelegea mguu mmoja, lakini kusema siwezi kumenishinda.

Siku moja wasaidizi wa kisheria walituita kwenye ukumbi wa kata, sisi tunaojazia watu fomu, wakatufundisha mambo ya taarifa binafsi. Wakataka kila mmoja aandike orodha yake ya kukagua, kwa maneno yake, aibandike pale anapofanyia kazi. Yangu niliiandika kwenye kipande cha manila nikaipigilia misumari nyuma ya mlango. Haina maajabu. Mwambie mtu fomu ni ya nini na inakwenda kwa nani, kwa lugha anayoielewa. Muulize kama anakubali, usubiri ajibu mwenyewe. Usiulize ambacho fomu haiulizi. Msomee ulichoandika kabla hajaweka sahihi au dole gumba. Mrudishie kila karatasi. Futa kila picha mbele yake. Usibaki na kitu.

Huo mstari wa mwisho ndio ulioniletea ugomvi.

Jirani yangu wa nyumba ya tatu ni mjane. Anauza maharage na dagaa sokoni, na ana shamba la mahindi kule Nyakitonto walilolifungua na marehemu mume wake kwa jembe la mkono. Wazazi wake walikuja nchini wakikimbia vita Burundi. Yeye alikulia hapa, akapewa uraia, akaolewa na kijana wa Kiha kutoka Kibondo. Binti yao alikuwa amemaliza kidato cha sita, na walikuja kwangu pamoja kuomba mkopo wa chuo.

Nilianza kama orodha inavyosema. Nikamweleza mama kwa Kiha changu kibovu, kile ambacho hadi leo kinawachekesha watoto wa mtaa, kwamba maombi yanataka cheti cha kifo cha baba ili ijulikane binti ni yatima wa upande mmoja. Nikamwambia cheti hicho kitahakikiwa mtandaoni, kitapata namba, na namba ndiyo itakayoingia kwenye fomu. Nikamuuliza kama anakubali.

"Ego," alisema, ndiyo ya Kiha. "Wewe andika tu, mwalimu. Mimi sina siri na wewe."

"Hata kama huna siri. Nataka unikubalie kwa hiki, na kwa hiki, na kwa hiki."

Alimtazama binti yake kana kwamba anauliza huyu bibi ana nini leo. Lakini alikubali kimoja kimoja. Tukaenda duka la fotokopi kuskani vyeti. Binti alifungua akaunti kwa namba yake ya simu, na alipokuwa anaweka nenosiri mimi niligeuka kutazama kalenda ya ukutani. Mdhamini alisaini mwenyewe, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, hakimu akamwapisha. Kurasa zilizosainiwa zikapandishwa kwenye mtandao. Kisha nikamsumbua kijana wa duka afute vyeti kwenye kompyuta yake, pale vinapodondokea vikishaskaniwa, na avifute tena kwenye kapu la taka. Alinuna. Picha zilizokuwa kwenye simu yangu nazo nikazifuta mbele ya mama, kwanza kwenye albamu, halafu mahali zinapokwenda kujificha zikishafutwa.

Tuliporudi kibarazani nikampa vyeti vyake, kimoja baada ya kingine. Hakuvipokea. Alivirudisha kwenye bahasha, akaisukuma bahasha upande wangu wa meza.

"Nitunzie, mwalimu."

Anayeijua milima yetu anajua alichokuwa ananipa. Nyumba nyingi huku mvua ikinyesha inaingia, panya ni wengi, na ndugu wanaopita kuomba chakula wanapekua. Mtu akiwa na karatasi ya maana anaipeleka kwa anayemwamini: padri, mwalimu, mganga mkuu wa zahanati. Ukiwekewa karatasi umeheshimiwa. Mama huyu alikuwa ananiambia kwamba mimi ni mtu.

Nikamwambia siwezi.

"Kwa nini huwezi? Kabati unalo. Lina kufuli."

"Sitakiwi kubaki na karatasi za watu, mama. Ni utaratibu."

"Utaratibu wa nani?"

Nikamwonyesha manila nyuma ya mlango. Hakuitazama. Aliichukua bahasha, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akasema ahsante kwa sauti ile ambayo watu hutumia kwa karani. Binti aliona aibu akaniaga kwa kupiga goti. Kuanzia siku hiyo, nikienda sokoni mama ananipimia maharage sawasawa, haongezi hata ile konzi ya juu. Niliumia. Sikuzoea kununua maharage yake kama mgeni. Nilirudi nyumbani nikaitazama ile manila nikaichukia, nikawaza wale vijana wa kwenye semina walikuja na gari, wakala wali wetu, wakaondoka, na kuniachia mimi kugombana na majirani.

Zikapita wiki kadhaa hivyo. Kisha mchana mmoja, nikiwa ndiyo kwanza nimejinyoosha kwenye mkeka, shemeji wa yule mama akabisha.

Sikuwa namjua. Alijitambulisha: kaka mkubwa wa marehemu, ametoka Kibondo kwa basi la asubuhi. Alikuwa amevaa koti safi na viatu vyenye vumbi, mzee wa kanisa kabisa, na mkononi ana mkungu mdogo wa ndizi. Akasema shikamoo ingawa tulilingana umri. Nikamvutia kiti.

"Mwalimu, nimesikia umemsaidia mtoto wetu mambo ya chuo. Mungu akubariki."

"Sisemi nimemsaidia nani na nani," nikamjibu. "Wewe nikusaidie nini?"

Akacheka kwa upole. Mtaa mzima uliwaona wakiingia hapa, akasema. Halafu akaeleza haja yake. Ukoo umekaa kikao Kibondo na muhtasari umeandikwa; wamemteua yeye awe msimamizi wa mirathi ya mdogo wake. Mahakama ya mwanzo inataka cheti cha kifo, na shemeji amekwisha kumwambia hatampa. Yeye hataki kelele. Anaomba picha tu ya kile cheti nilichokitumia, au basi namba yake, akaombe nakala.

"Mjane alikuwepo kwenye kikao?" nikauliza.

"Yule?" Akatazama chini. "Yule, mwalimu, unajua kwao siyo hapa. Shamba la Nyakitonto ni jasho la mdogo wangu. Kesho akiolewa na mtu wa kwao huko, sisi tutamwambia nini baba yetu?"

Hapo nilielewa ndizi zilikuwa za nini. Nikamwambia sina picha wala namba. Hakuniamini. Mtu gani anaandika fomu asibaki na nakala? Akatoa simu akanionyesha picha ya marehemu siku ya ubatizo wa binti, amevaa suti iliyomzidi, anacheka. Na yule mzee akaanza kulia. Hakuwa anaigiza, naijua sauti ya mtu anayemlilia mdogo wake. Alilia, akapangusa uso kwa kiganja, akaomba tena. Nikamwambia tena sina. Akaomba maji, nikampa. Akaomba tena. Jua lilihama kutoka kwenye ngazi hadi kwenye miguu yangu na yeye bado amekaa. Magoti yananiuma, mkeka wangu uko ndani, na nilichokuwa nataka duniani ni yeye aondoke.

Katika kuchoka kule nikajikuta natafuta kichwani. Bila kutaka, natafuta: ile namba ya kwenye cheti ilianza na nini? Niliiona, niliisoma kwa sauti wakati binti anaiandika kuomba uhakiki. Nilikuwa naisaka ili nimpe, aende. Sikuipata. Kichwa changu siku hizi hakishiki hata namba yangu ya simu, na ndiyo mara ya kwanza nilipoushukuru uzee.

Hatimaye alisimama, akachukua koti lake. Ndizi aliziacha. Nilimkimbilia hadi barabarani nikamrudishia, akazipokea.

Sikungoja. Habari kwamba mtu ametafuta taarifa zake ni haki ya mwenye taarifa, na hata isingekuwa haki, nisingeweza kulala nayo. Nilijikokota hadi nyumba ya tatu. Mama alikuwa anapepeta maharage kwenye ungo. Hakuniambia karibu, lakini alinisogezea kigoda kwa mguu.

Nikamweleza yote: kikao cha ukoo, muhtasari, mahakama, shamba. Ungo ukasimama. Nilimwona akihesabu kichwani watu waliokaa Kibondo wakamgawa wakati yeye yuko sokoni.

"Ulimpa nini?" aliuliza.

"Sikumpa kitu. Sikuwa na kitu."

Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya bahasha.

"Mwalimu. Na kama ungekuwa nacho? Kama kingekuwa kabatini kwako?"

Ningeweza kusema kamwe. Ndilo jibu lililokuwa linanisubiri mdomoni, na lingemrudisha kwangu na konzi yake ya maharage. Lakini mama huyu alikuwa anataka kujua amezungukwa na watu gani, na shamba lake lilitegemea hilo.

"Ningempa," nikasema. "Alilia sana, na mimi nilikuwa nimechoka. Ningekwambia baadaye kwamba nilimkatalia, au nisingekwambia. Lakini ningempa."

Nilitegemea aniondoe. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, nikamsikia anaburuta kitu kizito kutoka chini ya kitanda. Nilikaa pale, naona haya kama mtoto. Alipotoka alikuwa ameshika bahasha, ameikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

"Mjane anaweza kufungua mirathi mwenyewe?"

"Anaweza. Na kama wao wamekwisha kufungua, anaweza kuweka pingamizi."

"Kesho asubuhi unisindikize mahakamani," alisema. "Fomu utaniandikia wewe, nimekubali. Ila hii nabeba mwenyewe, na usiishike mpaka nikupe."

"Ego," nikamjibu.